Shajara ya mradi: maswali ya ngazi ya maumivu na kubadili dozi za mofini

Februari, mwanzo wa kazi

Tumeanza kutunga upya maswali ya tiba shufaa kwa mtihani wa maandishi wa wanafunzi wetu wa uuguzi na utabibu. Maswali ya zamani yalikuwa ya aina ya "taja ngazi tatu za kutuliza maumivu" na "orodhesha madhara matano ya mofini". Mwanafunzi anakariri, anapata alama zote, kisha anafika wodini na hajui aandike nini kwenye karatasi ya dawa ya mgonjwa anayelia usiku kucha.

Tumekubaliana mambo mawili. La kwanza, karatasi nzima ibebwe na mgonjwa mmoja, na kila swali limkute katika hali mpya. La pili, swali lolote la kubadili dozi lipimwe kwa hatua zake, si kwa namba ya mwisho peke yake. Hesabu zenyewe ni za kugawanya na kuzidisha tu, mtoto wa shule ya msingi anaziweza. Alama hupotea, na mgonjwa huumia, pale mtu anaporuka hatua: kusahau dozi za nyongeza, kupunguza pasipotakiwa kupunguzwa, au kuacha kupunguza panapotakiwa.

Mgonjwa wetu wa kwenye karatasi ni mama wa miaka 52 mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyoenea kwenye nyonga. Ana kilo 51, na kabla ya ugonjwa alikuwa na 68. Figo zake, kwa vipimo vya mwanzo, ni nzima. Saratani hii tumeichagua kwa makusudi. Ni ya kawaida katika wodi zetu, na ina tabia ya kubana mirija inayotoa mkojo kwenye figo, jambo litakalotusaidia karibu na mwisho wa karatasi.

Februari, swali la ngazi

Ngazi ya Shirika la Afya Duniani ilitoka mwaka 1986. Ya kwanza ni parasetamoli na dawa kama ibuprofeni. Ya pili ni opioidi dhaifu, yaani kodeini au tramadoli. Ya tatu ni opioidi kali, na kwetu hiyo ni mofini. Katika kila ngazi unaweza kuongeza dawa saidizi, kwa mfano amitriptilini kwa maumivu ya neva, na dawa ya ngazi ya kwanza haiondolewi kwa sababu tu mgonjwa amepanda.

Hapa tulisimama sana, kwa sababu funguo za majibu tulizorithi zilimtaka mwanafunzi aanzie chini kila mara. Mgonjwa akija na maumivu 9 kati ya 10, ufunguo ulisema mpe parasetamoli kwanza, subiri, kisha panda. Mwongozo wa shirika hilo wa 2018 kuhusu maumivu ya saratani umeiweka ngazi kwenye kiambatisho, kama mwongozo wa jumla wa kufundishia, na katika kanuni zake kuu umebakiza nne: kwa mdomo, kwa saa maalumu, kwa kadiri ya mtu mwenyewe, na kwa kuangalia kila undani. Dawa ya kuanzia hutegemea ukali wa maumivu. Mwenye maumivu makali anaweza kuanza moja kwa moja na mofini, kwa dozi ndogo.

Kwa hiyo swali letu la kwanza linasema mama huyu anameza parasetamoli 1 g kila baada ya saa 6 na kodeini 60 mg kila baada ya saa 6, na maumivu ni 8 kati ya 10. Majibu ya kuchagua ni haya: kuongeza kodeini iwe 90 mg, kuongeza tramadoli juu ya kodeini, kuacha kodeini na kuanza mofini huku parasetamoli ikiendelea, au kumchoma pethidini kwenye msuli kila anapoomba.

Kila jibu potofu hapo linatokana na kitu tulichokiona kwa macho. Kodeini ina dari: 240 mg kwa siku, na mama ameshaifikia. Ukipita hapo unaongeza kufunga choo na kichefuchefu kuliko nafuu. Kuchanganya opioidi mbili dhaifu ni kubaki ngazi ileile na dawa mbili. Pethidini ndiyo inayotuuma zaidi, kwa sababu bado inaandikwa kwa wagonjwa wa saratani. Inafanya kazi kwa muda mfupi, na mabaki yake mwilini yakirundikana huleta mitetemeko hadi degedege. Zaidi ya hayo, "kila anapoomba" inavunja kanuni ya saa. Mgonjwa anasubiri aumie ndipo apewe, na maumivu yaliyokwisha kuwaka huhitaji dawa nyingi zaidi kuyazima.

Machi, jedwali la uwiano

Mfamasia wetu aliomba maswali yote ya hesabu yasimamishwe mpaka kila karatasi iwe na jedwali la uwiano juu yake. Alikuwa na sababu nzito. Chukua tramadoli 400 mg kwa siku, ambayo ndiyo dari yake. Kitabu kimoja kinakwambia ugawanye kwa 10, upate mofini ya kumeza 40 mg. Kingine kinakwambia ugawanye kwa 5, upate 80 mg. Vyote viwili vimechapishwa na wataalamu. Mtahiniwa aliyesoma kitabu cha pili akikosa alama kwa sababu mtunzi alisoma cha kwanza, tumempima bahati yake tu.

Tofauti hiyo ina chanzo chake. Kodeini na tramadoli zinategemea kimeng'enya cha ini kuzigeuza kuwa kitu chenye nguvu ya kutuliza. Kuna watu ambao kimeng'enya hicho ni kivivu, wakimeza kodeini hawapati karibu chochote. Kuna wengine kinakwenda mbio, na dozi ya kawaida inawalevya. Ndiyo sababu kodeini haipewi watoto walio chini ya miaka 12. Uwiano ni wastani wa watu wengi. Kwa mgonjwa mmoja ni pa kuanzia tu, na baada ya hapo ni kumwangalia na kurekebisha.

Jedwali tulilopitisha ni fupi kwa makusudi:

```
Kodeini ya kumeza    -> mofini ya kumeza        gawanya kwa 10
Tramadoli ya kumeza  -> mofini ya kumeza        gawanya kwa 10
Mofini ya kumeza     -> mofini chini ya ngozi   gawanya kwa 2
Mofini ya kumeza     -> mofini ya mshipa        gawanya kwa 3
Mofini ya kumeza     -> fentanili ya kiraka     gawanya kwa 100
```

Kwa tramadoli tumechagua 10 kwa sababu inatoa dozi ndogo zaidi ya mofini. Ukikosea upande wa chini, mgonjwa ana dozi ya nyongeza ya kumsaidia ndani ya saa hiyohiyo. Ukikosea upande wa juu, unaanza kuhesabu pumzi zake. Methadoni tumeiacha nje kabisa. Uwiano wake hubadilika kadiri dozi ya mofini inavyokuwa kubwa, na hukaa mwilini muda mrefu usiotabirika. Hiyo ni ya mtaalamu, si ya mtihani huu.

Machi, kutoka kodeini kwenda mofini

Swali la pili: mpe mama huyu dozi ya kuanzia.

Kodeini 60 mg mara 4 ni 240 mg kwa saa 24. Ukigawanya kwa 10 unapata mofini 24 mg kwa saa 24. Mofini ya maji hutuliza kwa takriban saa 4, kwa hiyo siku ina dozi 6, na 24 kwa 6 ni 4 mg. Maumivu yake hayajatulia, hivyo tunazungusha kwenda juu: 5 mg kila baada ya saa 4.

Tulibishana kama 4 mg ipewe alama. Dawa ni ya maji, 4 mg inapimika vizuri. Tukakubali zote mbili zipite, mradi mtahiniwa aandike sababu. Iko miongozo inayoruhusu 10 mg kwa mtu aliyetoka ngazi ya pili. Ndiyo maana tumeweka kilo zake na jinsi alivyokonda, ili anayechagua 10 mg aone kwamba kisa kinamwonya.

Alama tatu za swali hili hazimo kwenye hesabu. Moja ni kuacha kodeini. Ya pili ni dawa ya choo kuanzia siku ileile ya mofini, mathalani bisakodili 5 hadi 10 mg usiku, kwa maana mwili huzoea kichefuchefu na usingizi wa mofini ndani ya siku chache, lakini kufunga choo hakuzoeleki. (Nyumbani ambako vidonge vimekwisha, mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa zinasaidia, jibu hilo likija nalo linapata alama.) Ya tatu ni dozi ya nyongeza: 5 mg, sawa na dozi ya saa 4, anywe maumivu yakichomoza kati ya dozi na dozi. Dozi ya nyongeza ni moja ya sita ya jumla ya siku, na kwa mofini ya maji hiyo ni sawasawa na dozi yenyewe.

Machi, karatasi ya dawa

Tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa mwisho swali la jaribio: picha ya karatasi ya dawa, wajumlishe mofini ya siku nzima. Karatasi ilikuwa hivi:

```
Mofini ya maji ya kumeza
saa 12 asubuhi    5 mg
saa 4 asubuhi     5 mg
saa 8 mchana      5 mg
saa 12 jioni      5 mg
saa 4 usiku      10 mg
Nyongeza: 5 mg, alikunywa mara 3
```

Wengi waliandika 25, wengine 40, wachache 45. Jibu ni 45.

Tulikaa nao kuuliza namba zilitoka wapi. Wa 25 walihesabu mistari mitano, wakaizidisha kwa 5, na hawakuona kabisa nyongeza wala dozi ya usiku. Wa 40 walikumbuka nyongeza lakini wakaiona dozi ya usiku kama ya kawaida. Binti mmoja aliuliza, "Sista, hii ya saa 4 usiku si ameongezewa?" Hapana, hakuongezewa. Ile ya saa 8 usiku imeunganishwa na ya saa 4 ili mgonjwa na anayemuuguza walale. Siku bado ina dozi sita: 30 mg za saa maalumu, na 15 mg za nyongeza.

Swali hili limeingia kwenye mtihani kama lilivyo. Ndilo linalotenganisha aliyesoma karatasi na aliyezidisha tu, na kila hatua inayofuata inasimama juu ya jumla hii.

Machi, mwisho: chupa

Mofini ya kumeza huku kwetu huchanganywa kutokana na unga, na chupa zinaweza kuwa na nguvu tofauti. Uganda ndiyo iliyofungua njia hii tangu Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 na kuleta mofini ya maji ya bei nafuu. Mwaka 2004 nchi hiyo ikaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika. Dawa inayotengenezwa hivi ina faida kubwa kwa mgonjwa wa kijijini, ila inadai jambo moja kwa anayeandika: taja miligramu, taja nguvu ya chupa, taja mililita.

Chupa ya 5 mg kwa 5 ml ina 1 mg katika kila 1 ml. Chupa ya 50 mg kwa 5 ml ina 10 mg katika kila 1 ml. Sasa mtu aliyezoea kunywa 5 ml ya chupa ya kwanza akipewa chupa ya pili bila maelezo, akanywa 5 ml zake, amekunywa 50 mg mahali pa 5. Tumetunga swali moja fupi: "Mgonjwa anatakiwa anywe 7.5 mg. Chupa iliyopo ni 50 mg kwa 5 ml. Mpimie ml ngapi?" Jibu ni 0.75 ml, kwa bomba la 1 ml, na alama ya pili ni ya kusema kwamba kijiko hakifai hapa. Anayejibu 7.5 ml anapata sifuri hata kama mengine yote ameandika vizuri. Tulilijadili hili kwa muda, lakini dozi iliyozidi mara kumi hatuwezi kuipa nusu ya alama.

Aprili, kupandisha

Turudi kwa mama. Siku ya kwanza alikunywa jumla ya 45 mg, na maumivu ni 6 kati ya 10. Yuko macho, anaongea vizuri. Dozi mpya ni 45 gawanya kwa 6, yaani 7.5 mg kila baada ya saa 4. Hiyo ni nyongeza ya nusu, ambayo iko ndani ya kawaida ya kupandisha kwa asilimia 30 hadi 50. Wengi husahau kupandisha dozi ya nyongeza pamoja nayo. Ikibaki 5 mg huku dozi ya saa ni 7.5, mgonjwa atasema nyongeza haimsaidii, na atakuwa anasema kweli.

Siku chache baadaye:

```
7.5 mg x 6 = 45 mg
nyongeza mara 2: 2 x 7.5 mg = 15 mg
45 + 15 = 60 mg kwa saa 24
60 / 6 = 10 mg kila baada ya saa 4
```

Hapo anatulia. Maumivu 2 kati ya 10, anakaa kitandani na kula. Ila bado ana kitu kinachomchoma kama moto kwenye paja la kushoto. Tumeweka hili ili kuuliza kama mofini ipandishwe tena. Maumivu ya kuchoma yanayofuata njia ya neva hujibu mofini kwa shida peke yake, amitriptilini 12.5 mg hadi 25 mg usiku ndiyo inayoongezwa. Mtahiniwa mwangalifu atakumbuka kwamba, kama mama angekuwa bado kwenye tramadoli, kuichanganya na amitriptilini kungeongeza hatari ya degedege.

Ibuprofeni 400 mg mara tatu kwa siku pia imeandikwa hapa kwa ajili ya mfupa wa nyonga. Tumeiacha humo bila kusema neno. Itarudi.

Aprili, chini ya ngozi

Kutoka hapa kisa kinagawanyika njia mbili, na kila mtahiniwa anajibu zote.

Njia ya kwanza: mama anatapika, hawezi kumeza, figo bado nzima. Yuko kwenye 10 mg kila baada ya saa 4, hakuhitaji nyongeza jana. Mbadilishie mofini chini ya ngozi.

60 mg gawanya kwa 2 ni 30 mg kwa saa 24. Kama kuna pampu ya sindano, 30 mg zinaingia taratibu kwa saa 24. Kama hakuna, 5 mg kila baada ya saa 4 kupitia sindano ndogo iliyobandikwa chini ya ngozi, ili asichomwe upya kila mara. Nyongeza ni 5 mg chini ya ngozi.

Sababu ya kugawanya kwa 2 ni kwamba mofini iliyomezwa hupita kwanza kwenye ini, na sehemu kubwa huishia hapo kabla haijafika kwenye damu ya mwili. Anayesahau kugawanya anampa mgonjwa mara mbili ya alichozoea. Kosa la upande wa pili lilitushangaza kwa wingi wake: mtu anagawanya kwa 2, halafu anapunguza tena robo "kwa usalama". Upunguzaji huo ni wa kubadili dawa. Mwili uliozoea mofini haujazoea kikamilifu opioidi nyingine, kwa hiyo ukihamia nyingine unapunguza asilimia 25 hadi 50. Hapa dawa ni ileile, njia tu ndiyo imebadilika. Ukipunguza, mama ambaye maumivu yalikuwa yametulia ataanza kuumia usiku huo.

Mei, figo

Njia ya pili ndiyo iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote, na ndiyo naipenda kuliko zote.

Dozi haijabadilika, 10 mg kila baada ya saa 4. Mumewe anamwambia muuguzi, "Sista, mke wangu amekuwa wa kulala tu tangu juzi, na mikono inashtukashtuka yenyewe." Ukimwita anafumbua macho, anajibu, anasinzia tena. Anapumua mara 12 kwa dakika. Mboni ni ndogo. Mkojo umepungua sana, na kreatinini imepanda mara tatu ya ile ya mwanzo.

Majibu potofu hapa yana nguvu. La kwanza linasema mishtuko ni maumivu, kwa hiyo panda. La pili linasema ni degedege la saratani iliyofika kwenye ubongo, mpe diazepamu na uendelee na mofini ileile. La tatu linasema amezidiwa na mofini, mpe naloksoni ampoule nzima.

Kilichotokea ni kwamba uvimbe umebana mirija ya mkojo. Ini hugeuza mofini kuwa mabaki ambayo baadhi yake yana nguvu kuliko mofini yenyewe, na mabaki hayo hutoka kwa njia ya figo. Figo zikifunga, yanarundikana, ingawa anayemnywesha hajabadilisha hata tone. Dalili zake ndizo hizo: usingizi unaozidi siku hadi siku, mishtuko ya misuli, kuchanganyikiwa, na mwisho pumzi kupungua. Mtahini anayetaka kumjua anayefikiri anamwekea dozi isiyobadilika, kisha anauliza mbona mgonjwa amebadilika.

Naloksoni si yake sasa. Anaamka ukimwita na anapumua mara 12. Ukimpa ampoule nzima ya 0.4 mg kwa mpigo, utaondoa utulizaji wote kwa dakika chache na kumwachia maumivu ya nyonga yote kwa pamoja. Ingekuwa pumzi ziko chini ya 8 na haamshiki, hapo 0.4 mg zingechanganywa na maji chumvi zifike 10 ml, apewe 1 ml kidogo kidogo kila baada ya dakika 2 mpaka pumzi zirudi. Tunatazama pumzi, si lazima aamke kabisa.

Jibu tunalotaka lina sehemu tatu. Simamisha ibuprofeni leo hii, kwani nayo inaumiza figo zilizokwisha kubanwa. Hapo ndipo wanaosoma karatasi yote wanapotambulika, maana dawa hiyo iliandikwa kurasa mbili nyuma. Kisha ruka dozi ya mofini inayofuata mpaka achangamke, halafu endelea na 5 mg kila baada ya saa 6 au 8. Na muulize daktari kama mirija inaweza kufunguliwa, kulingana na hali yake na anachotaka mwenyewe.

Panapopatikana kiraka cha fentanili, kuna swali la mwisho, kwa sababu fentanili haitegemei figo kwa kiasi hicho. Hapa hesabu inadai utulivu, kwa sababu kiraka kinaandikwa kwa mikrogramu na kwa saa moja, na mofini kwa miligramu na kwa siku:

```
mofini 60 mg = 60,000 mikrogramu kwa siku
60,000 / 100 = 600 mikrogramu za fentanili kwa siku
600 / 24 = 25 mikrogramu kwa saa
```

Wengi watasimama hapo na kuandika kiraka cha 25. Lakini dawa imebadilika, na mgonjwa anasinzia, hana maumivu makali; kupunguza nusu ni haki kabisa. Nusu ni 12.5, na kiraka kinachouzwa ni cha 12. Mgonjwa anayehamishwa kwa sababu ya maumivu yasiyotulia angepunguziwa kidogo, lakini huyu anahamishwa kwa sababu ya madhara.

Kiraka huchukua saa 12 hadi 24 kufikia nguvu yake, na hubadilishwa kila baada ya saa 72. Kwa kawaida mofini ya maji huendelea kwa saa 12 za mwanzo. Kwa mama huyu mabaki ya mofini bado yamejaa mwilini, kwa hiyo anayeandika "nyongeza tu akihitaji, dozi ndogo, na aangaliwe pumzi" anapata alama kamili. Alama moja tumeiweka kwa anayetaja joto: kiraka kisiwekewe chupa ya maji moto wala kisikandwe, kwani ngozi ikipata joto hunyonya dawa haraka.

Mei, ufunguo wa kusahihishia

Kila swali la kubadili dozi lina alama 6. Jumla ya saa 24 pamoja na nyongeza ni alama 2. Uwiano sahihi kutoka jedwalini ni 1. Kupunguza au kutopunguza, pamoja na sababu yake, ni 1. Kugawanya kwenye dozi na kuandika dozi mpya ya nyongeza ni 1. Mililita kwa chupa iliyotajwa, pamoja na saa, ni 1. Mtahiniwa aliyekosea jumla mwanzoni lakini akafuata hatua zote kwa namba yake anapata alama za hatua hizo. Kosa la mara kumi, popote lilipo, linafuta swali zima.

Wasahihishaji wawili wamepitia majibu ya jaribio kila mmoja peke yake. Walitofautiana kwenye alama ya kupunguza tu, kwa hiyo tumeandika sentensi mbili za mfano kwa kila swali: moja inayopita na moja isiyopita. Kwa swali la chini ya ngozi, inayopita ni "sipunguzi kwa sababu dawa ni ileile." Isiyopita ni "sipunguzi kwa sababu ana maumivu," maana kisa kinasema wazi kwamba ametulia.

Kinachofuata ni karatasi ya watoto. Ngazi yao katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2012, ambao shirika liliuondoa mwaka 2019, ilikuwa na hatua mbili, ile ya kodeini ikiwa imeondolewa, na dozi huanzia kwenye kilo za mtoto. Mfamasia ameshaanza jedwali.